Ushauri: Nina mimba ya miezi mitatu, majibu yamesema nina ugonjwa wa paka

Nuru_Asubuhi: Wakuu habari za jioni. Nina mimba ya wiki 13. Wiki mbili zilizopita nilipima damu kwenye maabara ya binafsi hapa Morogoro, majibu ya toksoplasma yakaja IgG chanya na IgM chanya. Nimesoma mtandaoni kuwa mtoto anaweza kuzaliwa kipofu au na kichwa kikubwa, silali. Paka nimeshamtoa, amekwenda kwa shemeji yangu Kihonda. Kuna dawa ya kumlinda mtoto? Halafu huyo paka ndiye kaniambukiza, au ni mishkaki ya pale stendi?

Mchoma_Mishkaki: Sasa mishkaki imekukosea nini dada? Paka hana wakili, mshikilie yeye.

Kasuku_Mweupe: Pole. Mimi mimba zangu mbili zilitoka zikifuatana, mama mkwe akasema ni paka. Tulipomfukuza nikazaa salama. Usimrudishe.

Kisahani_cha_Maabara: Kasuku pole sana, ila ugonjwa huu si kawaida kutoa mimba mbili mfululizo kwa mtu mwenye kinga nzima. Mtoto huwa hatarini mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana mimba. Akishaupata, mwili unaushika na mimba zinazofuata huwa salama.

Nuru, kabla ya kulia soma karatasi yako upya. IgG inasema vimelea vimewahi kuingia mwilini. Haisemi lini. IgM ndiyo inayotisha watu kwa sababu wanaambiwa ni ya maambukizi mapya, lakini kwa toksoplasma inaweza kubaki chanya miezi mingi, hata kupita mwaka, na mashine nyingine huitoa chanya bure kabisa. Kwa hiyo IgM peke yake haitoshi kumpa mtu dawa wala kumtia hofu.

Mwambie daktari aombe kipimo cha aviditi. Hicho kinaangalia IgG yako imeshikamana na kimelea kwa nguvu kiasi gani: kinga ya zamani hung'ang'ania, kinga changa huachia upesi. Damu yako ilichukuliwa wiki ya 11. Kama aviditi ya damu hiyo ni ya juu, uliambukizwa si chini ya miezi minne kabla, yaani kabla hujashika mimba. Ikiwa ya chini, bado haithibitishi kuwa ni mapya, maana kwa wengine hubaki chini kwa muda mrefu. Kipimo hiki hakipo kila mahali. Kisipopatikana, rudia IgG baada ya wiki tatu, maabara ileile, na uwaombe wapime sampuli ya zamani na mpya pamoja kwenye mashine moja. Ikipanda sana kuna jambo, ikikaa palepale ni ya zamani.

Na uniambie: una tatizo lolote la kinga? Unatumia dawa yoyote?

Nuru_Asubuhi: Asante kaka. Natumia za kawaida tu za kliniki, foliki na madini ya chuma. Vipi paka, shemeji ana watoto wadogo, nimewapelekea ugonjwa?

Mkunga_Mkongwe: Paka hutoa mayai ya vimelea kwa wiki moja hadi tatu hivi, mara tu baada ya kuambukizwa yeye mwenyewe, kisha huacha. Na kinyesi kibichi hakiambukizi siku ileile, mayai yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Shemeji asafishe sanduku la kinyesi cha paka kila siku, avae glavu, basi. Nyama ndiyo watu wanaipuuza. Pande nene la mbuzi likiwa bado jekundu katikati, hapo ndipo vimelea vinaposalia.

Kisahani_cha_Maabara: Nuru, umeruka swali. Majibu yaleyale yana maana mbili tofauti, kutegemea kinga yako. Kipimo cha VVU ulichofanya mwanzo wa mimba kilisemaje?

Nuru_Asubuhi: Sikutaka kuliweka hapa. Ninaishi na virusi tangu 2019. Niliacha dawa karibu mwaka mzima, nikarudi CTC miezi miwili iliyopita. Kinga yangu, yaani CD4, ilikuwa 76. ARV nameza vizuri. Septrini ndiyo niliiacha, rafiki yangu alisema inaharibu mtoto miezi mitatu ya kwanza, na nikaona nimefanya la maana.

Mkunga_Mkongwe: Rafiki yako hajakosea. Septrini hubana foliki, na miezi ya mwanzo ndiyo uti wa mgongo wa mtoto unaundwa. Achana nayo, mwezi wa nne utapewa SP ya malaria hospitali.

Kisahani_cha_Maabara: Mkunga, hofu ya foliki ipo, ila kwa CD4 ya 76 hesabu inageuka. Mwongozo ni Septrini iendelee mimba yote, na anayeimeza hapewi SP, kwa kuwa zote mbili zina salfa.

Nuru, uvimbe mdogomdogo wa vimelea umeshatulia kwenye misuli na ubongo wako, huenda kwa miaka. Kumtoa paka hakuutoi. Kinga ikishuka chini ya 100, huo wa zamani unaweza kuamka, na Septrini ya miligramu 960 kila siku ndiyo inayouzuia. Kwako IgM si hoja tena, IgG chanya inatosha kukuweka kwenye hatari. Una maumivu ya kichwa? Homa? Upande mmoja wa mwili umelegea?

Nuru_Asubuhi: Kichwa kinauma wiki ya pili sasa. Nilidhani ni mimba. Na jana kikombe kilinidondoka mkono wa kushoto, ila nilikuwa nimechoka.

Sinywi_Chai: Haya, chai imechemka. Tulianza na paka, ikaja VVU, sasa mkono. Kila swali likiulizwa dalili inazaliwa. Halafu CD4 siku hizi nani anapimwa? Wanapima wingi wa virusi tu.

Kasuku_Mweupe: Wewe ungeanza uzi kwa kutangaza hali yako kwa watu usiowajua?

Kisahani_cha_Maabara: Wingi wa virusi ni kweli kwa wanaoendelea vizuri. Anayeanza au anayerudi baada ya kuacha hupimwa CD4. Hapo hadithi yake haina kasoro.

Nuru, nenda hospitali ya mkoa usiku huu, usisubiri siku ya kliniki. Sema maneno haya mlangoni: mjamzito, VVU, CD4 76, kichwa wiki mbili, mkono wa kushoto umelegea. Watake kipimo cha CT cha kichwa. Mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo sana. Wapime pia kuvu wa kriptokoka kwenye damu, maana nayo huja kwa kichwa kuuma. Wasichome sindano ya mgongo kabla ya picha, kwa sababu ya huo mkono.

Sinywi_Chai: Aweke karatasi ya majibu, afiche jina. Mimi nasubiri.

Nuru_Asubuhi: Nipo mapokezi, mume wangu ndiye ananiandikia. CT mbovu, wanasema hadi Jumatatu au niende Dar. Daktari anasema nirudie Septrini mbili kwa siku.

Kisahani_cha_Maabara: Mbili za 480 ni kinga, si tiba. Muulize daktari kwa heshima kama anaweza kuanza tiba ya toksoplasma bila kusubiri picha. Inaruhusiwa. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama vidonge vinne vya 480 asubuhi na vinne jioni, wiki nne hadi sita, kisha dozi inashushwa. Yeye ndiye aandike, na afuatilie damu na vipele. Ikiwa ni toksoplasma, mkono utaanza kupata nguvu ndani ya wiki moja hadi mbili. Usipobadilika, watafute kifua kikuu cha ubongo au saratani ya limfu, na hapo Dar haikwepeki. Anapima kilo ngapi?

Mume_wa_Nuru: 52. Daktari anasoma huu uzi, anasema turudishe simu tumsikilize.

Mchoma_Mishkaki: Shemeji wa Kihonda yupo humu? Paka alikuwa anakula nini?