Mjadala: Abiria ajibu 1 au NDIYO? Na akinyamaza, siti iuzwe?

Wakala wa Stendi, Mtwara
Wandugu, nakatisha tiketi za mabasi ya Dar. Wengi wananipigia niwashikie siti bila kulipa, asubuhi hawatokei na basi linaondoka na siti tupu. Nataka jioni kila mmoja apate meseji: jibu 1 kuthibitisha, 2 kufuta. Mwenzangu anataka NDIYO na HAPANA. Asiyejibu hadi saa 3 usiku, siti naiuza. Kuna ubaya?

Fundi Mifumo wa Shangani
Upo, kaka, na nimeuona kwa macho. Niliwahi kuitengenezea gesti moja mfumo wa 1 na 2, kisha nikakaa nikasoma majibu yote. Mama mmoja alijibu "2" akimaanisha wanakuja wawili, yeye na mwanawe. Mfumo ukafuta chumba, akafika usiku na mizigo hana pa kulala. Mtu aliyeshika nafasi akiona 1 na 2 anawaza idadi ya watu.

Halafu kumbuka vitochi. Ukiwa unaandika meseji, kitufe cha 1 kinatoa nukta na cha 2 kinatoa a, hadi ukibonyeze kwa muda ndipo tarakimu itoke. Abiria anatuma "." akiamini kathibitisha, na mfumo unaiona ni meseji tupu.

Mimi ningetumia hivi:

```
Siti 14 MTWARA-DAR, Ijumaa saa 12 asubuhi.
Unasafiri? Jibu SAWA. Husafiri? Jibu FUTA.
```

Kwa kitochi SAWA ni mibonyezo 7, NDIYO ni 12. FUTA nayo ni 7, ila U na T ziko kitufe kimoja. Asiyesubiri kidogo anapata FVA. Hilo halinisumbui. Kosa la kuthibitisha linakupotezea nauli moja, kosa la kufuta linamwacha mtu stendi alfajiri. Kufuta kuwe kugumu zaidi.

Dereva Boda, Ligula
NDIYO anaijua hata bibi yangu kule Newala. Kuna wanaoandika ndio, ndyo, ndiyoo, basi mfumo usome herufi ya kwanza tu. Ikiwa N, kathibitisha. Kwisha kazi.

Fundi Mifumo wa Shangani
Hizo tahajia tatu ziingize zote, hapo uko sahihi. Lakini "Nimeahirisha" nayo inaanza na N. Ondoa nafasi na nukta za pembeni, usijali herufi kubwa au ndogo, kisha linganisha jibu zima. Lisilolingana mfumo usilikisie. Limfikie wakala apige simu.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Naongeza la lugha. Ukiuliza "Hutasafiri kesho?", Mswahili anayejibu ndiyo anakubaliana na kauli yako: ndiyo, sitasafiri. Mwingine atajibu hapana akiwa na maana hiyohiyo. Kwa hiyo NDIYO inategemea swali lilivyoundwa, na anayejibu asubuhi meseji ya jana halikumbuki swali. SAWA nayo ina kasoro: watu wetu hujibu sawa kwa adabu tu, kuonyesha wameisoma. Ningependa NAKUJA.

Mama wa Nangurukuru
Mimi nauliza, nauli yangu nitarudishiwa na nani? Nililipa yote, simu ikazima chaji, umeme ulikatika tangu mchana. Nilipowasha asubuhi meseji ndiyo inaingia, siti kapewa mwingine. Nilisimama hadi Kibiti.

Wakala wa Stendi, Mtwara
Pole sana mama. Mimi nazungumzia ambao hawajalipa. Aliyelipa siti yake siigusi.

Fundi Mifumo wa Shangani
Basi liandike hilo kwenye mfumo wenyewe, lisibaki kichwani mwako, maana siku wewe hupo kijana wa dirishani ataiuza. Na kisa cha mama kinafundisha jambo: kunyamaza hakumaanishi haji. Simu imezima, au salio hana la kujibu. Wanaokuuzia huduma ya meseji watakushawishi zitoke kwa jina la ofisi. Zikitoka hivyo abiria hawezi kuijibu kabisa, jibu lake linagoma kwenda. Dai namba inayopokea majibu, na ikiwezekana gharama ya jibu uibebe wewe.

Anayefuta mrudishie papo hapo: "Siti 14 imefutwa. Umekosea? Jibu SAWA kabla ya saa 3 usiku." Siti usiiuze kabla ya muda huo.

Wakala wa Stendi, Mtwara
Nimeelewa, 1 na 2 natupa. NAKUJA na FUTA, nitazijaribu kwa basi moja kwanza. Ila asiyelipa na asiyejibu, nikimpigia mara mbili hapatikani, nauza. Tajiri hanielewi nikimpelekea siti tupu.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Na anayepandia hapa Lindi? Mimi simu yako inanikuta usingizini, na basi halifiki kwangu hadi baadaye. Muda wangu wa mwisho uwe uleule wa aliyeko Mtwara?

Dereva Boda, Ligula
Na mimi nikimshikia siti bibi kwa simu yangu, pamoja na siti yangu, nikijibu FUTA inafutwa ya nani?