Upana wa spana si upande wa nati, na sikubali kuambiwa nirudi darasa la tano

Kingo_Sita ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nimekaa nikajaribu kunyamaza na nimeshindwa. Yule bwana mnayemfahamu nyote, ambaye hakuna mada ya vipimo inayofunguliwa humu bila yeye kuingia na kuifunga kama hakimu, leo ameniambia mbele ya watu wote nirudi darasa la tano. Kosa langu ni kusema kwamba namba iliyochongwa kwenye spana haiwezi kuwekwa mahali pa upande katika hesabu ya ujazo wa nati.

Swali lililoulizwa lilikuwa jepesi. Mtu ana nati inayoshikwa na spana ya 17, kimo chake milimita 8, na anataka kujua ujazo wa mche huo wa pembesita kabla ya kutoa tundu. Bwana huyu akaandika, kwa uhakika wa mtu aliyeumba chuma kwa mikono yake, kwamba upande ni 17, kwa hiyo 17 mara 17, mara 2.598, mara 8, jibu ni milimita za ujazo 6,007. Nilipomweleza kwa adabu kwamba 17 ni umbali kati ya nyuso mbili zinazotazamana, akajibu: «Upande ni pale spana inapokaa. Rudi darasa la tano.» Nirudi darasa la tano! Mimi!

Kanuni yenyewe hatukugombania, wala haina la kugombaniwa. Pembesita sawa hugawanyika kutoka katikati na kuwa pembetatu sita zenye pande sawa, na kila pembetatu ina eneo la 0.433 mara upande mara upande. Sita za namna hiyo ndizo zinazotupa 2.598, na ukizidisha kwa kimo umepata ujazo:

V = (3√3 / 2) × s² × h

Herufi s hapo ni urefu wa ukingo mmoja tu wa pembesita, kutoka kona moja hadi kona inayoifuata. Spana haigusi kipimo hicho hata kidogo. Spana inakumbatia nati kutoka uso mmoja hadi uso wa pili ulio mkabala nao, na umbali huo ni upande mara kipeuo cha pili cha 3, yaani upande mara 1.732. Kwa hiyo ukiwa na 17 unagawanya kwanza kwa 1.732, unapata upande wa milimita 9.815, na hapo ndipo unapoingia kwenye kanuni. 9.815 mara 9.815 ni 96.33, mara 2.598 ni milimita za mraba 250.3, mara 8 ni milimita za ujazo 2,002.

Sasa tazameni 6,007 na 2,002. Jibu lake ni mara tatu ya nati. Si karibu na mara tatu, ni mara tatu kamili, kwa sababu amezidisha upande kwa kipeuo cha pili cha 3 kisha akaupandisha kipeo cha pili. Kosa hili ni lile lile kwa nati ya saa ya mkononi na kwa nati ya kufungia daraja. Nilipomwonyesha hayo akasema kwamba hiyo ni «tofauti ya kukadiria». Mtu akikadiria hivyo atajenga nyumba ya chumba kimoja na kukodisha vitatu! Na baada ya kusema hivyo, bila kugusa hata namba moja kati ya nilizoandika, akarudia tena kwamba nirudi darasa la tano, na watu saba wakampongeza.

Nataka aje hapa, aweke nati mezani, aniwekee kidole kwenye huo upande wa milimita 17.

Chuma_Chakavu:

Pole sana, ingawa umetumia aya nyingi kuliko ujazo wa nati yenyewe. Huyo bwana ndiye aliyewahi kunibishia kwamba ukirefusha upande wa pembesita mara mbili ujazo nao unakuwa mara mbili, wakati kimo hakijabadilika na kila mtu anaona kwamba unakuwa mara nne. Alinitaka nilete cheti. Ningekuwa wewe ningeshukuru kwamba amenirudisha darasa la tano tu, kwa maana mimi alinirudisha chekechea.

Rula_Mkononi:

Kwa heshima zote, mnakosea nyote wawili, wewe na yeye. Upana wa pembesita ni mara mbili ya upande wake. Hilo linaonekana hata kwa macho ukiichora kwa bikari, kwa kuwa nusu kipenyo cha duara ndicho kinachokuwa upande. Kwa hiyo nusu ya 17 ni 8.5, na ujazo ni kama 1,502. Sielewi kipeuo cha pili cha 3 kimeingiaje katika kazi ya kugawanya kwa mbili.

Kingo_Sita:

Ndugu Rula, bikari yako ni ya kweli lakini umeipeleka mahali pasipo pake. Duara lile linapita kwenye kona. Mara mbili ya upande ni umbali wa kona hadi kona, na spana haishiki kona. Hata hivyo wewe umeeleza sababu yako na hukuniambia nirudi popote, jambo ambalo yule bwana hakuliweza.

Fundi_wa_Zamu:

Chukueni kaliperi mmalize ubishi huu. Pimeni nati hiyo uso kwa uso mtapata 17 au pungufu kidogo, kisha igeuzeni mpime kona kwa kona, mtakaribia 19.6, ambayo ndiyo mara mbili ya 9.8. Nasema mtakaribia, kwa sababu kona za nati nyingi hukatwa kidogo juu na chini ili zisimchane mtu, na zikishatumika huliwa na spana mbovu. Ndiyo maana hakuna fundi anayejisumbua kupima ukingo mmoja kutoka kona hadi kona. Tunapima uso kwa uso, tunazidisha kipimo hicho kwa chenyewe, mara 0.866, mara kimo, na jibu ni lile lile la 2,002 bila kuutafuta upande kabisa. Kosa la Rula linatoa robo tatu kamili ya ujazo halisi, na la yule bwana linatoa mara tatu, kwa hiyo ukiona jibu lako limekosea kwa viwango hivyo unajua mara moja ni kipimo gani ulichochanganya.

Njia nyingine ni mizani. Chuma cha pua na chuma cha kawaida havitofautiani sana. Cha kawaida kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Nati hiyo ni ya boliti ya M10 kwa vipimo vya DIN 934, maana kwa ISO 4032 boliti hiyo hiyo hutumia spana ya 16. Kwa hesabu ya yule bwana kipande hicho kabla ya tundu kingekuwa na gramu 47. Nati yenyewe ukiiweka kwenye mizani haizidi gramu 12.

Swali_Moja_Tu:

Samahani, mbona ninyi nyote hamtoi tundu? Sentimita za ujazo 2 mara 7.85 ni karibu gramu 16, na Fundi anasema 12. Kwa hiyo hata Kingo_Sita amekosea, au mimi sikuelewa swali?

Fundi_wa_Zamu:

Swali lilikuwa la mche mzima, ndugu yangu, na tundu hutolewa baadaye. Ukilitoa usitumie milimita 10 moja kwa moja, kwa sababu meno ya nati yanajaza sehemu ya nafasi hiyo. Tumia kipenyo cha katikati ya meno, ambacho kwa M10 ni milimita 9 na kidogo, utaondoa karibu milimita za ujazo 512. Inabaki 1,490, na hiyo ni gramu 11.7. Hapo ndipo mizani na hesabu vinapokutana.

Kingo_Sita:

Asante, Fundi. Gramu 47 dhidi ya 11.7! Na ambaye hesabu yake inaleta 47 ndiye anayetoa amri watu warudi darasa la tano!

Mwenye_Mizinga:

Tatizo hili sisi wafugaji wa nyuki tunalo tangu zamani, na hakuna anayetufungulia uzi. Vitabu vinapotaja ukubwa wa chumba cha sega, tuseme milimita 5.4, hicho ni kipimo cha ukuta hadi ukuta, si upande. Tunaweka rula juu ya vyumba kumi vilivyofuatana, tunasoma urefu wote, tunagawanya kwa kumi. Nimewahi kuona mtu akiingiza 5.4 kama upande na kupata asali ya mara tatu, akaagiza vyombo vya kuihifadhi, na vyombo vikabaki vitupu. Kwa kina cha milimita 11, chumba kimoja kina kama milimita za ujazo 278.

Kisha kuna jambo la kitako. Chumba cha sega hakina kitako bapa. Kina vipande vitatu vilivyoinama na kukutana katikati. Mimi nashikilia kwamba kanuni ya mche bado inafaa, mradi kimo kipimwe kwenye kingo zile tatu ndefu, kwa kuwa kinachokatwa kwenye kingo fupi ndicho kinachoongezwa katikati.

Rula_Mkononi:

Hilo la mwisho siliamini. Kitako kilichochongoka hakiwezi kuwa na ujazo sawa na kitako bapa.

Mwenye_Mizinga:

Chonga mche wa pembesita kwa sabuni, ukate ujionee. Pembe tatu unazozikata zinageuzwa na kukaa juu bila kubaki wala kupungua.

Bi_Tangi:

Ninyi mnalilia milimita. Mimi nilijengewa tangi la pembesita, aliyelijenga akapima upande kwa nje, mita 1, kimo cha maji mita 1.5, akaniambia litachukua lita 3,897. Halichukui! Kuta zina unene wa sentimita 15, naye anasema nitoe sentimita 15 kwenye upande, jirani anasema nitoe 30.

Fundi_wa_Zamu:

Wote wawili hawako sahihi. Unene wa ukuta unatolewa kwenye umbali wa kutoka katikati hadi uso, si kwenye upande. Umbali huo kwa nje ni sentimita 86.6, toa 15, inabaki 71.6. Gawanya kwa 0.866 upate upande wa ndani, ambao ni sentimita 82.7. Tangi lako lina karibu lita 2,660.

Bi_Tangi:

Kwa hiyo nimepoteza zaidi ya lita elfu moja kwenye kuta! Na plasta ya ndani je, nayo nitaitoa namna hiyo hiyo?

Chuma_Chakavu:

Itoe namna hiyo hiyo, ila upime kwanza, kwa maana plasta ya pembeni huwa nene kuliko ya katikati ya ukuta. Fungua uzi wako, mama, huu ulikuwa wa nati.

Rula_Mkononi:

Nimekata sabuni. Pembe mbili zimekaa vizuri, ya tatu imevunjika. Mwenye Mizinga, umesema nikate kwa mwinamo gani?