Naomba ushauri: fomu ya kodi ya Uingereza ya dada yangu

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, na dada yangu yuko Leicester anauza vitenge mwenyewe, bila kampuni. Kiingereza cha fomu kinamtatiza, kwa hiyo tunaijaza pamoja kwa simu. Ni SA103S, mwaka wa kodi ulioishia 5 Aprili 2025.

Mauzo yake ni pauni 6,200. Mzigo aliouza ulimgharimu 3,100, meza ya sokoni 480, cherehani 350. Jumla ya matumizi ni 3,930, faida 2,270. Kuna pia punguzo la pauni 1,000 lisilodai risiti, lakini ukilichukua huruhusiwi kutoa matumizi halisi. Faida ingepanda hadi 5,200, kwa hiyo nimemshauri atoe matumizi. Cherehani tumeiingiza yote kwa sababu anahesabu kwa fedha iliyoingia na kutoka, uchakavu haukatwi. Hela anazomtumia mama nimeziacha nje, si gharama za biashara.

Ninapokwama ni pawili. Simu yake ni moja, ya biashara na ya nyumbani. Najua anaruhusiwa sehemu ya biashara tu, lakini mnagawanyaje kwa namna ambayo mkaguzi akiuliza mna cha kumwonyesha?

Pili, ana chumba cha kupangisha Nyakato. Naona kodi ya pango isichanganywe na mauzo, iende SA106, fomu ya mapato ya nje. Aliyewahi kuijaza, mlibadilishaje shilingi kuwa pauni: mwezi kwa mwezi au kwa wastani wa mwaka?