20W-50 kwenye IST asubuhi za Njombe: nihamie 5W-30 au nimsikilize fundi?

Mhamiaji_Njombe
Habari wakuu. Gari ni IST, injini 1NZ-FE, kilomita 190,000. Miaka yote ilikuwa Dar ikinywa 20W-50 bila shida. Huku Njombe asubuhi kukiwa nyuzi 8 hadi 10, nikiwasha stata inazungusha kwa uzito, taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima, na juu ya injini kunakuwa na mlio wa chuma kwa sekunde chache. Ikishapata moto inatulia kabisa, hata huisikii.

Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Fundi anasema hiyo ni maji matupu, imetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa joto la kwetu itaua injini. Jingine linalonichanganya ni hizo namba mbili. Ina maana oili inaanza nyepesi ya 5, halafu ikipata moto inakuwa nzito ya 30? Naombeni ushauri.

Mzee wa Tipa
Msikilize fundi wako. Hiyo W ni uzito kwa Kiingereza. 20 ni nzito kuliko 5, na 50 ni nzito kuliko 30, hesabu ya darasa la pili. Oili nzito ndiyo inayoweka utando kati ya chuma na chuma. Baki na 20W-50, asubuhi iache ingurume dakika kumi ndipo uondoke.

SpanaKumi
Mzee wangu shikamoo. Kwenye utando uko sawa, kwenye W hapana. W ni ya majira ya baridi kali kwa lugha yao. Namba iliyo mbele yake inasema oili ilipimwa ikiwa imepoa sana na ikafaulu, namba ya nyuma inasema ina uzito gani ikiwa nyuzi 100. Ni vipimo viwili tofauti, kila kimoja na jedwali lake, kwa hiyo 5 na 30 hazilinganishwi kama kilo za sukari.

Mhamiaji, hakuna oili ya injini inayoongezeka uzito ikipata moto. Zote zinalegea. Tofauti ni kasi ya kulegea. Chukua karatasi ya vipimo ya oili yoyote, utakuta uzito kwa nyuzi 40 na kwa nyuzi 100, kwa sentistoki. 5W-30 ya kawaida huwa karibu na 62 na 10.5. 20W-50 huwa karibu na 160 na 18. Ukiwa na nukta hizo mbili unaweza kukokotoa joto lolote lililobaki, na nimekukokotolea.

Kwa asubuhi yako ya nyuzi 10, 5W-30 ina kama 280. 20W-50 ina kama 1,060. Yaani kwenye moto 20W-50 imeizidi mwenzake kwa chini ya mara mbili, lakini kwenye baridi imeizidi karibu mara nne. Hapo ndipo stata yako inapochoka.

Sasa angalia Dar, asubuhi ya nyuzi 27. 20W-50 inakuwa kama 330. Kwa hiyo hiyo 5W-30 inayoitwa maji, ikiwa kwenye baridi ya Njombe, ni nyepesi kidogo tu kuliko 20W-50 uliyokuwa ukiwashia Dar. Ukihamia 5W-30 injini itaona asubuhi kama zile ilizozizoea.

BodaKigamboni
Safi sana mkuu. Mimi nina pikipiki ya 125, inakunywa 20W-50. Kwa hesabu hizo nami nihamie 5W-30 ya magari? Maana mwenye gari akimwaga galoni la lita 4 hubaki kidogo.

SpanaKumi
Boda, usiguse. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Oili nyingi za magari za 5W-30 zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Itaanza kuteleza: mlio unapanda, mwendo hauongezeki, hasa ukipakia mishikaki. Tafuta kopo lenye herufi JASO MA au MA2, na uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Mzee wa Tipa
Marahaba. Lakini nina swali. Kwenye tipa nina geji ya presha ya oili. Asubuhi, oili ikiwa nzito, sindano inapanda juu kabisa. Presha kubwa si ndiyo ulinzi? Iweje mseme asubuhi injini inakosa oili?

SpanaKumi
Swali zuri kuliko yote hapa. Presha inaonyesha oili inavyosukumwa pale geji ilipofungwa, haionyeshi imepita kiasi gani. Oili ikiwa nzito inagoma kuingia kwenye njia nyembamba, presha inapanda, na ikifika kiwango kilichowekwa vali ya usalama ya pampu inafunguka na kuirudisha sehemu ya oili nyuma. Sindano iko juu, lakini kamshafti zilizo mwisho wa njia bado zinasubiri. Na kwenye filta kuna vali nyingine: karatasi ikishindwa kupitisha oili nzito, vali hiyo inafunguka na oili inapita bila kuchujwa.

Kwenye 1NZ hili lina uzito wake, kwa sababu kikaza mnyororo wa taimingi na VVT-i vyote vinafanya kazi kwa presha ya oili. Visipoipata mapema, mlio unatokea hukohuko juu.

Na kungurumisha dakika kumi si dawa. Injini isiyobeba mzigo inatoa joto kidogo. Subiri taa ya oili izime, ipe nusu dakika hivi, ondoka taratibu bila kuvuka mizunguko 2,500. Geji ya maji ikifika katikati usidanganyike, oili huwa bado iko nyuma. Ukiwa na safari za kilomita mbili tatu za mjini, kwenye baridi hiyo oili yako haikaribii hata nyuzi 100.

Baridi_Winnipeg
Niongeze kidogo kuhusu hiyo W. Oili ya 20W hupimwa kama injini itazunguka kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na kama pampu itaivuta kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. 5W hupimwa kwa 30 na 35 chini ya sifuri. Huku hizo ni joto halisi za Januari, na ukikosea oili inaganda kama jeli: pampu inavuta shimo la hewa katikati ya sampu na oili iliyobaki haisogei. Kwa Njombe hilo halitatokea hata na 20W-50. Kwa hiyo ndugu, injini yako haikosi oili kabisa, inachelewa kuipata tu. Ningechunguza pia kama kuna sababu nyingine.

Dukani_Gerezani
Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiria. Wakuu mmekimbilia uzito wa oili, filta hamjaiuliza. Ndani ya filta kuna mpira mwembamba unaozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Filta za bei ya kutupa mpira wake ni mgumu, unachoka mapema. Asubuhi filta iko tupu, pampu inaanza kuijaza kwanza, ndipo taa izime. Mlio wa sekunde mbili tatu unaweza kuwa huo tu.

Namna ya kutofautisha: mchana, gari ikiwa na moto, izime uiache saa tatu halafu iwashe. Taa ikichelewa hata hapo, wakati oili bado ina uvuguvugu, shuku filta. Taa ikizima haraka mchana na kuchelewa alfajiri tu, uzito wa oili ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Mhamiaji_Njombe
Nimeelewa wakuu. Nimejaribu hiyo ya Dukani: mchana taa inazima mara moja. Alfajiri ya leo nimehesabu sekunde nne. Ila hofu ya fundi bado ninayo. Nikishuka Dar mchana nyuzi 33, foleni ya Ubungo, 5W-30 haitakuwa maji kweli?

SpanaKumi
Joto la hewa si joto la oili. Themostati inayaweka maji kwenye nyuzi 80 na kitu, uwe Njombe au Ubungo, na oili ya injini nzima hucheza kati ya 90 na 110 hivi. Ili iitwe 30 ni lazima kwa nyuzi 100 iwe na angalau sentistoki 9.3 na isifike 12.5. Kipimo hakibadiliki kwa sababu gari imevuka Ruvu. Waliochonga beringi za 1NZ waliacha nafasi ya utando huo.

Hofu ya fundi ina maana kwa injini iliyochoka, nafasi za beringi zikiwa zimepanuka, au inayokula oili. Yako inakula?

Mhamiaji_Njombe
Kati ya sevisi na sevisi, kilomita 5,000, naongeza kama nusu lita.

Mzee wa Tipa
Basi hapo nusu mkeka wangu umechanika, nusu umebaki. Kilomita 190,000 na nusu lita, mimi ningeweka 10W-40, siyo hiyo 5W-30.

SpanaKumi
10W-40 si dhambi. Kwa nyuzi 10 inakuwa kama 470, chini ya nusu ya 20W-50, na kwenye moto ni kama 14. Lakini nusu lita kwa 5,000 ni kidogo, mimi ningeanza na kilichoandikwa kwenye kitabu.

Utaratibu: injini iwe na uvuguvugu, mwaga, ngoja dakika 15 idondoke yote. Badilisha filta, paka oili kwenye sili yake, kaza kwa mkono. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, ila wewe anza na 3.4, washa dakika moja, zima, ngoja dakika tano, ndipo usome stiki na umalizie. Usifanye flashi, mabaki ya 20W-50 hayana madhara. Soma stiki kila kilomita 500 kwa wiki za mwanzo, na chungulia sili za krankshafti na kifuniko cha tapeti, oili nyepesi huonyesha mvujo uliokuwa umejificha. Ulaji ukipanda kupita lita moja kwa 5,000, sevisi inayofuata weka 10W-40.

Dukani_Gerezani
Mlio ukibaki palepale na filta mpya na 5W-30, usiongeze uzito kuufunika. Fungua kifuniko uangalie mnyororo na gia ya VVT-i. Kwa kilomita hizo siwezi kukuapia kwamba ni oili peke yake.

Mhamiaji_Njombe
Jumamosi namwaga. Jumapili alfajiri nahesabu sekunde, nitaweka namba hapa.