Tupeane uzoefu: Tiketi mbili tofauti, begi haliunganishwi, ndege ya pili inakuacha

Mwendapole: Wakuu, leo kuna mtu kazini anafurahi kakata tiketi mbili tofauti kapata nafuu, anasema saa tatu za kuunganisha zinamtosha. Moyo ulinilipuka, maana yamenikuta. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa itue saa nane mchana, ya pili iruke saa kumi na moja jioni. Tukachelewa kuondoka dakika 50, kitu cha kawaida kabisa. Baada ya kutua, foleni ya uhamiaji, kisha nasubiri begi kwenye mkanda, kisha basi la kwenda jengo lingine la abiria, nafika kaunta saa kumi na dakika 10. Imefungwa saa kumi kamili. Ndege ipo, kwenye ubao hawajaanza hata kupakia watu, lakini begi halipokelewi tena. Kampuni ya pili wananiambia kwao mimi ni abiria ambaye hakutokea. Narudi kwa ya kwanza, wanasema wamenifikisha nilikolipia. Nikanunua tiketi mpya bei ya siku hiyo hiyo, na kilichoniuma zaidi safari ya kurudi ilikuwa kwenye ile tiketi ya pili, nayo wakaifuta yote kwa sababu sikupanda kipande cha kwanza.

Binti_Safari: Hiyo ya kufutiwa kurudi watu hawaijui kabisa!!

Kadagaa: Mkuu hukuwabana tu. Kampuni zikiwa kwenye muungano mmoja lazima wakuunganishie begi, mimi wameshaniunganishia.

Mzee wa Kaunta: Kadagaa, hakuna lazima hapo. Nimekaa kaunta miaka mingi. Begi linafuata tiketi. Kwenye tiketi moja kampuni zimeshagawana pesa na dhamana, begi likipotea inajulikana nani anabeba. Tiketi zikiwa mbili, ya kwanza imelipwa mpaka kituo cha kati tu, kwa nini ibebe dhamana ya begi la safari isiyoiuza? Hata muungano wa oneworld waliondoa wajibu huo 2016, tangu hapo kila kampuni inajiamulia. Na hizi za bei chee nyingi hazina mkataba na mtu yeyote, mfumo wenyewe haukubali.

Kadagaa: Sasa mimi waliniunganishia vipi?

Mzee wa Kaunta: Ulikutana na kampuni inayoruhusu, au mtu aliyekusaidia. Omba, ni haki yako kuomba, waonyeshe tiketi ya pili. Ila usiondoke kaunta bila kusoma tagi. Kama unakwenda London kupitia Istanbul, angalia herufi tatu kubwa. Ikiandikwa IST, begi lako linashukia Istanbul, hata kama umeambiwa "usijali". Ikiwa LHR ndiyo linaenda.

Tulivu88: Mbona mimi nilikuwa na tiketi moja, naingia Marekani, bado nikaambiwa nichukue begi mwenyewe?

Mzee wa Kaunta: Hiyo ni forodha ya Marekani, karibu kila anayeingia analitoa uwanja wa kwanza anaotua, halafu analirudisha kwenye mkanda wa jirani. Ukichelewa hapo kwa tiketi moja wanakutafutia ndege nyingine. Ni habari tofauti.

Mama Pacha: Jamani mnaongelea kuchelewa, mimi sikuruka kabisa! Niko kaunta ya safari ya kwanza na watoto wawili, dada anauliza viza ya nchi ya katikati iko wapi. Namwambia mimi napita tu. Akasema mama, begi lako linashukia pale, kulichukua lazima uvuke uhamiaji, kuvuka uhamiaji ni kuingia nchi. Tiketi ya pili naionyesha, haisaidii. Watoto wanalia, foleni nyuma inanung'unika, mabegi yetu yakatolewa kwenye mizani. Tiketi zote mbili zikaenda, maana ya pili nayo ikahesabika hatukutokea.

Binti_Safari: Mungu wangu. Pole sana mama, ulirudishiwa hata kodi za uwanja?

Mama Pacha: Kodi za ile ya kwanza tu, tena kwa kuandikiana barua.

Rukaruka: Dawa ni begi la mkononi tu, umechukua bodingi pasi kwenye simu, unabaki ndani unapita tranziti.

Mwendapole: Sio kila mahali Rukaruka, wengine wanataka wakague pasipoti yako kaunta kwanza, na kaunta iko nje.

Kadagaa: Basi acheni saa sita katikati.

Mzee wa Kaunta: Saa sita ni nzuri kama ya kwanza ina ndege nyingine siku hiyo. Kama inaruka mara moja kwa siku, ikifutwa hizo saa sita hazina kazi. Mimi nalala usiku mmoja katikati, lakini kwa aliye na viza.

Tulivu88: Na bima je, inalipa ukiachwa?

Binti_Safari: Yangu ilikataa, walisema tiketi mbili hawahesabu kama kuunganisha.

Rukaruka: Yangu ililipa, walitaka barua ya kampuni ya kwanza kwamba ilichelewa. Iombeni hapo hapo uwanjani.