Naomba ushauri: mfumo unafuta mzio wa karanga, unabakiza "leo nimechoka"

Wakuu, habari za kazi. Nina programu ya mazungumzo inayotunza taarifa za mtumiaji. Kila usiku taarifa zenye alama chini ya 0.35 zinafutwa. Alama ni wastani wa vitu vitatu, kila kimoja kati ya 0 na 1:

```
alama = (upya + uzito + matumizi) / 3
upya = 0.995 ** saa
```

"Ana mzio wa karanga" ina siku 30, uzito 0.9, haijavutwa hata mara moja, hivyo matumizi ni 0. Upya umeshuka hadi 0.027, alama 0.31: inafutwa. "Leo nimechoka" ya jana ina upya 0.887, uzito 0.1, matumizi 0.2, alama 0.40: inabaki. Kichekesho.

Kushusha kizingiti kutajaza takataka tu. Nafikiria taarifa za uzito 0.8 kwenda juu zisifutwe kwa umri, ila zikipingwa na taarifa mpya. Au upya ushuke polepole kadiri uzito unavyopanda?

Halafu matumizi: nahesabu kila taarifa inapovutwa, hata isipoingia kwenye jibu, hivyo zinazovutwa sana zinajipandisha zenyewe. Nyie mnahesabu wapi?