Naombeni ushauri: masharti ya tuisheni ya mtandaoni, mzazi anadai pesa zake

Mwalimu_Uyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, nafundisha Hisabati mtandaoni kidato cha tatu na cha nne. Kifurushi cha vipindi 12 ni 96,000, anayelipia kimoja kimoja ni 10,000. Mzazi mmoja wa Makambako anamtoa mwanawe na anataka pesa ya vipindi vilivyobaki. Masharti yangu yanasema pesa ikishalipwa hairudishwi. Niyaandikeje mzazi wa kawaida ayaelewe, asibishe? Usingizi sipati.

Kijana_wa_Soweto
Mbona rahisi mwalimu. Risiti za madukani zimeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi" na watu wananunua. Weka kwa herufi kubwa, imeisha hiyo.

MamaNeema_Iringa
Mimi nililipia tuisheni ya binti yangu, mwalimu akawa anaingia amechelewa nusu saa, mara mtandao, mara mgeni. Nilipodai changu akanizuia namba. Mwalimu, rudisha pesa ya watu. Mzazi huyo ana ada na mbolea vinamsubiri.

Mzee_wa_Mikataba
Mwalimu, huyo mzazi aliyaona masharti kabla ya kutuma pesa au baada?

Mwalimu_Uyole
Yapo kwenye kundi letu la WhatsApp, wazazi wote wanayaona.

Mzee_wa_Mikataba
Nimeuliza lini.

Mwalimu_Uyole
Niliyaweka alipokuwa ameshalipa. Ila aliyasoma, tiki za bluu zilitokea, na hakupinga. Halafu pesa yenyewe nimeshanunulia bando na kalamu ya kuandikia kwenye kompyuta. Siwezi kufundisha bila hivyo.

Mzee_wa_Mikataba
Basi kwa huyu masharti hayo hayakusaidii. Mlipatana siku aliyotuma pesa, na sharti linaloletwa baadaye linahitaji akubali. Kusoma na kunyamaza si kukubali. Kalamu ni mtaji wako, usimkate yeye.

Kijana, ile ya dukani inahusu mali ambayo mteja ameshaondoka nayo. Kipindi ambacho hakijafundishwa bado kipo kwa mwalimu. Vimefundishwa vingapi?

Mwalimu_Uyole
Vinne. Cha tano mtoto hakutokea, nilimsubiri kipindi kizima. Cha sita umeme ulikatika kwangu tukiwa ndiyo tunaanza.

BabaTukuyu
Wakuu mnapigwa kamba. Mwalimu gani wa Hisabati anashindwa kutoa nne kwenye 12? Huyu ndiye mzazi mwenyewe, anatafuta maneno ya kwenda kumbana mwalimu.

MamaNeema_Iringa
Hata mimi nimeanza kushangaa. Anaeleza makosa ya mwalimu vizuri mno.

Mwalimu_Uyole
Baba, kutoa najua. Ninachouliza ni bei ipi ya kutolea. Vinne kwa bei ya kifurushi ni 32,000, kwa bei ya kimoja kimoja ni 40,000. Mzazi angeuliza hilo?

Mzee_wa_Mikataba
Awe mwalimu awe mzazi, hesabu haibadiliki. Hukumwambia mapema kwamba akiacha njiani utahesabu 10,000, kwa hiyo ni 8,000. Cha umeme hakihesabiwi, tatizo lilikuwa kwako. Cha mtoto kutotokea mnaweza kubishana: ukikihesabu unarudisha 56,000, usipokihesabu 64,000. Mimi ningekihesabu, maana muda wako ulikwenda, ila nisingegombana kwa 8,000.

Kwa wanaokuja, waandikie hivi, na umtumie mzazi, si mtoto. Kwa Sheria ya Mikataba aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba:

"Kifurushi ni vipindi 12 kwa 96,000, hulipwa kabla ya kuanza. Ukitaka kuahirisha, tuambie saa 12 kabla ya kipindi kuanza, tutapanga siku nyingine. Usipotuambia na mtoto asipoingia ndani ya dakika 20, kipindi kimehesabiwa. Tukikwama sisi, kwa umeme au mtandao, tutakirudia bure. Ukiacha njiani, vilivyohesabiwa tunavitoza 10,000 kila kimoja, kinachobaki tunakurudishia ndani ya siku saba kwa namba uliyolipia."

Mwambie ajibu "nimekubali" kabla hajatuma pesa. Ujumbe huo na ule wa muamala usivifute.

Kijana_wa_Soweto
Na umeme ukikatika kwa mtoto je? Mvua zikianza huku mnajua wenyewe.

Mzee_wa_Mikataba
Hilo uamue mwenyewe mwalimu, ila liandike. Wengine hurudia mara moja kwa kila kifurushi.

Mwalimu_Uyole
Nitarudisha 56,000. Cha tano sikiachii, nilikaa pale nikisubiri. Ila sina zote kwa sasa, nitampigia nimwombe nitume mara mbili.

MamaNeema_Iringa
Mwalimu, na ya kutolea umwekee.